Nakubali, Lakini Nini?

Mtu akifuta ujumbe wa kwanza wa uzi mrefu, tuna mazoea ya kusema kwamba uzi umefutwa. Mara nyingi si kweli. Kilichoondoka ni kichwa tu, na chini yake watu bado wanaongea. Wanakubali, wanakataa, wanauliza, wanatania, na wote wanamwelekea mtu ambaye hayupo tena pale alipokuwa amesimama. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika Kiswahili, na kazi ninayofundishwa ni kusoma matini. Nataka kusoma matini ya aina hii kama ninavyosoma matini nyingine yoyote: imeundwaje, nini kimepotea ndani yake, na kilichobaki kinaweza kutuambia nini kuhusu kilichopotea.

Matini yenyewe ni kurasa sita za karatasi, mazungumzo ya kundi la WhatsApp la ukoo mmoja wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ni ukoo wa mama yangu. Nimeruhusiwa kuyaandikia, nimeacha majina yote, na maneno ninayoyanukuu nimeyagusa kidogo ili mtu asitambulike, bila kugusa sarufi yake, kwa sababu sarufi ndiyo hoja yangu.

Kwa asiyewajua Waluguru, jambo moja linatosha. Ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye msemaji wake, lakini si mali yake. Akina mama na watoto wao ndio wenye ukoo, na jambo zito kama shamba haliamuliwi na mtu mmoja. Zamani wangekaa chini ya mti. Siku hizi nusu ya ukoo iko Dar es Salaam, Morogoro mjini na Ifakara, kwa hiyo wanakaa kwenye simu.

Ijumaa moja saa 3 usiku, mjomba aliandika ujumbe mrefu kuhusu shamba la bondeni, lenye mikarafuu. Majibu yakaanza kumiminika. Jumapili saa 6 mchana akaufuta. Jioni ile ile akaandika ujumbe mwingine, mfupi zaidi, unaoanza hivi: "Kama tulivyokubaliana hapo juu, shamba la bondeni litauzwa." Kati ya ule wa kwanza na huu wa pili kulikuwa na majibu 41. Baada ya ule wa pili yalikuja matano tu, maana wengi walijua wameshajibu.

Miezi michache baadaye ukoo ulipokutana ana kwa ana, binamu yangu alikuja na zile kurasa sita. Ndipo ubishi ulipoanza. Wengine walisema ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kukodisha mikarafuu kwa misimu mitatu. Mjomba alisema ulikuwa wa kuuza shamba, na kwamba aliufuta kwa sababu alikosea bei na akataka kuuandika upya vizuri. Karatasi ikasomwa kwa sauti. Ikawa inasema: nakubali, nakubali, sawa mjomba, nakubali.

Kabla ya kuisoma karatasi hiyo, lazima tujue mtambo umefanya nini, kwa sababu si kila mahali kufuta ni kufuta kule kule. Facebook ukifuta bandiko lako, maoni yote yaliyo chini yake huondoka nalo. Mtu aliyefiwa akifuta tangazo la msiba, pole za watu mia mbili zimekwenda na maji, na wenye pole zao hawakuulizwa. Kwenye X ni kinyume. Ujumbe wa kwanza ukiondoka, majibu hubaki, kila moja likiwa mali ya aliyeliandika, na pale juu panawekwa taarifa kwamba palikuwa na kitu. WhatsApp imechagua njia ya tatu, ambayo kwa mtazamo wa kwanza ndiyo yenye adabu zaidi: kichwa kinaondolewa, nafasi yake inabaki na maneno `This message was deleted`, na majibu yote yanakaa palepale yalipokuwa.

Ruhusa hiyo ya kufuta kwa wote ina muda wake. Tangu Agosti 2022 ni siku mbili na zaidi kidogo. Mjomba alifuta baada ya saa 39, kwa hiyo alikuwa ndani ya muda. Kurekebisha ujumbe bila kuufuta, jambo lililowezekana tangu Mei 2023, kuna dakika 15 tu. Nalisema hili kwa kumtendea haki mjomba. Mtu aliyegundua Jumapili kwamba alikosea bei Ijumaa, na asiyetaka bei hiyo iendelee kusomwa, hana njia nyingine zaidi ya kufuta. Maelezo yake yanawezekana kabisa.

Lakini kuna mambo matatu ambayo aliyefuta pengine hakuyajua, na waliojibu hawakuyajua kabisa.

La kwanza ni vidole gumba. Watu kadhaa hawakuandika chochote. Walibonyeza ujumbe wenyewe na kuuwekea alama ya dole. Alama hiyo huishi juu ya ujumbe, kwa hiyo ujumbe ukifutwa nayo inafutwa. Waliojibu kwa dole hawapo kwenye zile 41, na hakuna anayejua walikuwa wangapi.

La pili ni nukuu. Mtu akiuvuta ujumbe pembeni ili aujibu, WhatsApp huchukua kipande chake na kukiweka juu ya jibu. Kipande hicho ni nakala iliyobebwa ndani ya jibu, kwa hiyo asili ikifutwa chenyewe hubaki. Binamu yangu wa Dar es Salaam alijibu kwa namna hiyo, na simu yake mpaka leo ina mwanzo wa ujumbe uliofutwa. Watu walipolisikia hilo kikaoni walichangamka, wakataka simu ioneshwe. Tatizo ni kwamba nukuu huonesha mistari michache ya mwanzo tu, na mjomba ni mtu mwenye heshima zake. Kilichosalimika ni hiki: "Habari za leo wana ukoo wote wa ndani na nje ya Matombo, wakubwa shikamooni, poleni na majukumu ya…" Basi. Salamu zetu ndefu zimekula ushahidi wote.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo halikutokea siku ya kufuta. Lilitokea siku ya kuchapisha. Ukihamisha mazungumzo kutoka kwenye simu, unapata faili la maandishi matupu, kila mstari na tarehe, saa na jina. Nukuu haziji. Jibu lililokuwa limefungwa kwenye ujumbe fulani linaachiliwa, linapangwa kwenye foleni kwa saa yake tu. Na kama hukuchagua kuambatanisha sauti na picha, kila ujumbe wa sauti unaandikwa `<Media omitted>`, sawasawa na picha, sawasawa na kikaragosi cha kuchekesha. Kwenye kurasa zile, mistari tisa kati ya 41 ni `<Media omitted>`, na zaidi ya nusu yake ni ya akina mama wakubwa ambao hawapendi kuandika. Katika ukoo wa upande wa mama, hao ndio wenye neno. Karatasi ikawa imewasikiliza vijana wenye vidole vyepesi na kuwapita wenye shamba.

Yanabaki majibu 32. Kati ya hayo, 18 ni nakubali, sawa, amina, hakuna shida. Haya ndiyo yanayonitisha kama msomaji. Jibu kama "nakubali" lina kiima, mimi, na lina kitenzi, lakini yambwa yake ilikuwa kwenye ujumbe wa kwanza. Kichwa kikiwepo, hilo ni jibu kamili. Kikiondoka, linageuka saini kwenye karatasi isiyoandikwa kitu, na mtu yeyote akiandika juu yake baadaye, saini inaonekana ni ya hicho alichoandika. Mjomba hakuhitaji kugeuza neno la mtu hata mmoja. Maneno "hapo juu" yalitosha. Kwa macho ya msomaji wa karatasi, juu ya "hapo juu" kuna watu 18 wanaokubali, na hakuna kingine wanachoweza kuwa wanakubali isipokuwa hicho kinachokuja chini yao.

Basi turudi kwenye yale 14 yaliyobaki, ambayo ni marefu zaidi, kwa sababu hapo Kiswahili kinatusaidia kwa namna ambayo lugha nyingine nyingi zisingeweza. Jina kwa Kiswahili likiondoka, linaacha alama yake kwenye kila kitu kilicholizunguka. Kitenzi kinaivaa, kivumishi kinaivaa, kioneshi kinaivaa. Shamba ni ngeli ya LI-YA. Mikarafuu ni U-I, na hapa ni wingi. Kwa hiyo swali la kikao, shamba au mikarafuu, ni swali la ngeli, na majibu yanapaswa kubeba unyayo wake.

Wa kwanza niliouona ulinivunja moyo: "Sawa ila iandikwe, na mashahidi wawepo." Mtu wa haraka atasema i- hiyo ni mikarafuu. Hapana. Mikarafuu inatawala i-, lakini ardhi nayo ni i-, bei ni i-, hata hati ni i-. Wingi wa U-I na umoja wa I-ZI hutumia kiambishi kilekile kwenye kitenzi, na pia "yetu", "hiyo", "ile", "yote". Mtu akiandika "hiyo yetu yote isiguswe", huwezi kujua anasema miti au ardhi. Hapa ushahidi wa ngeli unafika mwisho.

Kinachotenganisha ni kivumishi na namba. Miti ni mikubwa, mingi, mitatu. Ardhi ni kubwa, nyingi, tatu haisemwi. Na jibu la kumi na moja, la kaka mmoja wa Morogoro mjini, linasema: "Ile mikubwa ya karibu na mto ibaki, mingine sina neno." "Mikubwa" na "mingine". Hakuna shamba wala ardhi inayoweza kuitwa hivyo. Mtu huyu alisoma ujumbe uliozungumzia miti, tena uliompa nafasi ya kutoa baadhi na kubakiza baadhi. Shamba likiuzwa, mikarafuu ya karibu na mto inabaki kwa nani?

Lipo jingine, la dada yake: "Wakichuma wasivunje matawi kama wale wa mwaka juzi." Hapa hakuna ngeli ya kutusaidia, lakini kuna kitenzi. Mtu aliyeuza shamba hana tena habari na matawi. Anayejali matawi ni yule ambaye mti utarudi kwake.

Nisingekuwa mhakiki wa kuaminika kama ningeficha jibu la ishirini na tatu: "Lisiende kwa mtu wa nje ya ukoo." Hii ni li-, wazi kabisa, na kikaoni mjomba aliishikilia kwa mikono miwili. Shamba, alisema, mnaona? Na kweli, naamini li- hiyo ni shamba. Lakini neno shamba kutajwa kwenye ujumbe wa kwanza halina ubishi. Mikarafuu haioti hewani, ni ya shamba la bondeni. Kitenzi ndicho cha kuangalia. Haikusemwa lisiuzwe. Ilisemwa lisiende, na shamba linaweza kwenda kwa mkodishaji kama linavyoweza kwenda kwa mnunuzi. Jibu hilo linathibitisha kwamba shamba lilitajwa. Halithibitishi kwamba lilikuwa linauzwa.

Kama ningeruhusiwa kubaki na jibu moja tu kati ya 41, ningechukua la mama mdogo, fupi kuliko mengi: "Mpaka lini?" Halina ngeli, halina jina, halina kivumishi. Lakini hakuna mtu anayeambiwa kitu kinauzwa akauliza mpaka lini. Swali hilo lina kukodisha ndani yake kama kokwa ndani ya embe.

Kusoma hivi si jambo jipya. Sura ya 7 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho inaanza kwa Paulo kutaja mambo waliyomwandikia. Barua yao haipo. Tunayo majibu tu, na wasomi bado wanabishana kama sentensi inayofuata ni mawazo ya Paulo au ni maneno ya Wakorintho anayoyarudia ili ayajibu, kwa kuwa maandishi ya Kigiriki ya wakati ule hayakuwa na alama za kunukuu. Ni tatizo lilelile la faili letu: nukuu imekuja bila mshale wake, na hujui tena nani anasema.

Washairi wetu wa malumbano walilijua tatizo hili na wakalijengea dawa. Anayejibu shairi humtaja anayemjibu kwa jina, huirudia hoja yake kabla ya kuipinga, na mara nyingi huchukua vina na kituo chake. Wengi husema ni ufundi wa kujionesha, na upo. Lakini angalia faida yake: gazeti likipotea lenye shairi la kwanza, la pili bado linasimama, na ndani yake unaweza kumwona aliyechokoza. Jibu limembeba mwulizaji. "Nakubali" ya simu haimbebi mtu yeyote.

Sitaki kusema watu wasifute. Mtu aliyeandika namba ya akaunti kwa makosa, aliyetuma picha ya mtoto, aliyeandika kwa hasira usiku, ana haki ya kuondoa maneno yake, na haki hiyo haitegemei kama kuna watu walishajibu. Ninachopinga ni dhana kwamba kwa kuondoa maneno yako umeyafanya ya wengine kuwa huru kuhamishwa. Facebook inayachoma ya wote, na kwangu hilo ni kosa, lakini angalau majibu yaliyochomwa hayawezi kushuhudia jambo ambalo hayakulisema. WhatsApp inayaacha hai na kuyaacha wazi. Nikilinganisha, njia ya X ya kumwachia kila mtu jibu lake pale lilipo, na kuonesha juu yake kwamba liliandikwa kumjibu mtu aliyefuta, naiona ya haki zaidi. Inamwambia msomaji kwamba jibu hili lina kichwa chake, hakipo, na kilicho jirani si chake.

Kikao hakikuamua kwa kutumia ngeli. Sikujidanganya kwamba kingeweza. Nilipoeleza habari ya "mikubwa" na "mingine", mzee mmoja alicheka, akaniuliza kama chuoni ndicho tunachosoma. Mama mkubwa ndiye aliyelisogeza jambo. Aliuliza ujumbe wake wa sauti uko wapi kwenye karatasi, akaoneshwa `<Media omitted>`, akataka asomewe Kiswahili chake. Aliposikia kwamba maana yake ni kitu kimerukwa, alisema karatasi iwekwe pembeni na kila mtu aseme upya alichokubali, kwa mdomo wake, mmoja mmoja, akianza yeye. Yeye alisema misimu mitatu. Watu tisa walisema mikarafuu, wawili walisema shamba, mmoja alikiri kwamba hakuusoma ujumbe wote, alikubali kwa sababu mjomba ndiye aliyeandika.

Shamba halijauzwa. Mikarafuu haijakodishwa pia. Kwenye kundi, binamu yangu ameweka utaratibu kwamba jambo la ardhi lijibiwe kwa sentensi nzima: nani anakubali, nini, kwa muda gani. Watu wanalalamika kwamba ni kazi. Ujumbe wa mwisho nilioona ulikuwa wa kuchangia paa la nyumba ya bibi, na shangazi wa Ifakara alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa zote, kwamba yeye anakubali kutoa shilingi 20,000 za bati, za bati tu, na si za kitu kingine chochote.